Kumsitiri Mtu Bila Kuuficha Uamuzi: Kumbukumbu za Kamati ya Basari katika Wadi ya Iftin, Garissa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna kumbukumbu za mkutano zinavyoweza kuandaliwa kwa ajili ya kusomwa na umma bila kuanika siri za watu waliotajwa ndani yake. Mfano uliochukuliwa ni kamati ya basari katika wadi ya Iftin, mjini Garissa. Hoja kuu ni kwamba kuliondoa jina hakutoshi. Sarufi ya Kiswahili na mfumo wa majina na ukoo wa Wasomali hubakiza alama ambazo jirani huzitumia kumtambua mtu aliyefichwa. Aidha, makala yanapendekeza kigezo cha kutenganisha kile kinachostahili kusitiriwa na kile ambacho umma una haki ya kukisoma.

1.0 Utangulizi

Iftin, neno la Kisomali lenye maana ya nuru, ni mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Garissa Mjini; nyingine ni Waberi, Galbet na Township. Kama ilivyo kwingineko nchini Kenya, fedha za basari hugawanywa na kamati ambayo hupokea maombi, huwasikiliza wazazi na huamua ni nani apewe kiasi gani. Katibu huandika kumbukumbu. Wakazi nao hutaka kuzisoma, kwa kuwa fedha hizo ni zao na kwa kuwa tuhuma za upendeleo hazikosekani penye fedha chache na waombaji wengi.

Hapa ndipo haki mbili zinapokutana. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 31 humpa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutofichuliwa bila sababu mambo ya familia yake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ilifafanua haki ya kwanza, na katika kifungu chake cha 6 ikakubali kwamba habari inaweza kuzuiwa iwapo kuitoa kungeingilia faragha ya mtu pasipo sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ilifafanua haki ya pili. Sheria hiyo huyataja baadhi ya maelezo kuwa data nyeti: hali ya afya, asili ya kikabila na kijamii, imani, mali, hali ya ndoa, na habari za familia pamoja na majina ya watoto, wazazi na wenzi. Msomaji atatambua mara moja kwamba orodha hiyo ndiyo hasa orodha ya mambo ambayo mzazi huyasema anapoomba basari. Huomba kwa kueleza maradhi, ujane, umaskini na idadi ya watoto.

Katika makala haya, neno kusitiri limetumiwa kwa maana ya kuondoa maelezo fulani katika nakala inayotolewa kwa wasomaji, huku mahali palipoondolewa pakioneshwa wazi. Kusitiri si kufuta, kwa sababu kumbukumbu asilia iliyotiwa sahihi hubaki jinsi ilivyo katika jalada. Wala si kuhariri kwa maana ya kulainisha lugha, kwa sababu anayelainisha hamwambii msomaji kwamba kuna kitu alichokitoa.

2.0 Mfano wa Kumbukumbu

Ili mjadala usielee hewani, tuchukue kifungu kimoja cha kumbukumbu kilichotungwa kwa ajili ya makala haya. Majina yake ni ya mfano tu, lakini mambo yaliyomo ni ya aina inayosikika katika vikao vya namna hii:

"Kumbukumbu 5: Maombi ya Kidato cha Tatu. Bi. Fulani, mjane anayeuza maziwa ya ngamia karibu na lango la shule, alieleza kwamba mwanawe alilazwa kwa kifua kikuu kilichomfanya akose muhula mzima. Alisema pia kwamba kaka wa mwanafunzi huyo hana kitambulisho kwa kuwa aliandikishwa Dadaab alipokuwa mdogo. Bw. Kadha, ambaye ni ami wa mwanafunzi, aliunga mkono ombi. Mjumbe mwingine alipinga akisema kwamba ukoo huo umekwisha kupata vya kutosha. Kamati iliidhinisha shilingi 15,000."

Tuchukulie pia kwamba katika Kumbukumbu 2 ya mkutano huohuo, chini ya kutangaza maslahi, Bw. Kadha alisema kuwa ana uhusiano na mmoja wa waombaji na kwamba alibaki kikaoni.

Sentensi iliyo hatari zaidi hapa si ile ya maradhi bali ile ya kitambulisho. Kambi za Dadaab zilianza kufunguliwa mwaka 1991 katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Garissa. Katika miaka ya ukame na njaa, baadhi ya Wakenya wa maeneo hayo walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Alama za vidole vyao zilipobaki katika daftari za wakimbizi, wengi walinyimwa vitambulisho vya taifa walipotimiza umri. Vilevile, wazee wanakumbuka zoezi la mwaka 1989 ambapo Wakenya wa asili ya Kisomali walitakiwa kuthibitisha uraia wao. Hivyo, maneno ambayo mama aliyasema ili kueleza umaskini wa nyumba yake, yakibandikwa ukutani, yanaweza kusomwa kama ungamo mbele ya afisa wa usajili. Kijana anayehusika hakuwepo kikaoni, hakuulizwa, wala hakuomba basari.

3.0 Kwa Nini Kuziba Jina Hakutoshi

3.1 Majina na lakabu

Desturi ya kiofisi ni kuliziba jina la mwisho na kuliacha la kwanza, au kuandika herufi za mwanzo za majina. Desturi hiyo hutegemea kwamba jina la mwisho ni la ukoo. Jina la Kisomali halijajengwa hivyo. Lina sehemu tatu: jina la mtu, la babake na la babu yake. Kwa hiyo, herufi tatu za mwanzo hubeba vizazi vitatu, na zikiambatana na kidato na shule, humwonesha mwanafunzi mmoja au wawili tu.

Aidha, kwa kuwa majina kama Abdi, Mohamed na Halima hujirudia mno, watu hutofautishwa kwa lakabu, iitwayo naanays kwa Kisomali. Mmoja huitwa Dheere kwa urefu wake, mwingine Yare kwa udogo wake. Katibu hodari huandika lakabu hiyo ili asiwachanganye watu. Anayesitiri kumbukumbu akaziba majina matatu na kuisahau lakabu, ameficha kile kisichomtambulisha mtu na kuacha kile kinachomtambulisha.

3.2 Upatanisho wa kisarufi

Kiswahili kina sifa moja inayomsaidia anayesitiri: kiambishi a- na kiwakilishi yeye havibainishi jinsia. "Alieleza" hufaa kwa mwanamume na mwanamke. Lakini lugha hiyohiyo hutoboa siri kwa njia nyingine.

Tazama kinachotokea neno la maradhi linapozibwa katika mfano wetu: "alilazwa kwa ████ kilichomfanya akose muhula mzima." Kiambishi ki- katika kilichomfanya kimebaki, nacho kinatangaza ngeli ya neno lililozibwa. Msomaji huhitaji kutafuta ugonjwa wa ngeli ya ki-vi ambao huchukua muda mrefu. Kipindupindu huisha kwa siku chache. Hubaki kifua kikuu, kisukari, kifafa na vichache vinginevyo. Kama ingalikuwa "████ uliomfanya", fikra zingalielekea kwenye ukimwi, ukoma au utapiamlo. Wino mweusi umeliziba neno, lakini kitenzi kinaendelea kulisema. Urefu wa mstari mweusi nao huongeza kidokezo, kwani huonesha takriban idadi ya herufi.

Istilahi za ndoa hufanya vivyo hivyo. Kuoa na kuolewa hutenganisha mume na mke. Mumewe na mkewe hali kadhalika. Na anayetajwa kuwa yumo edani hawezi kuwa mwanamume. Istilahi za ujamaa huenda mbali zaidi. Ami ni ndugu wa kiume wa baba, na mjomba ni ndugu wa kiume wa mama, tofauti ambayo Kisomali huionesha kwa maneno adeer na abti. Kwa kuwa ukoo wa Kisomali hufuata upande wa baba, kusema kwamba Bw. Kadha ni ami wa mwanafunzi ni kusema kwamba mwanafunzi huyo ni wa ukoo wa Bw. Kadha, ambao kila mtu mtaani anaujua. Neno moja la herufi tatu limetoa asili ya kijamii ya mtoto.

3.3 Maelezo ya mazingira

Katika mtaa ambao watu hujuana, "mjane anayeuza maziwa ya ngamia karibu na lango la shule" ni jina kamili kuliko majina matatu. Kwa sababu hii, jaribio la kufaa si kuuliza iwapo mtu wa Nairobi angemtambua mhusika. Linalofaa ni kuuliza iwapo jirani wa nyumba ya tatu angemtambua. Nakala iliyositiriwa yafaa isomwe kwanza na mjumbe anayeishi mtaa huohuo ambaye hakuhudhuria kikao. Akiweza kusema "huyu ni fulani", kazi haijakamilika.

3.4 Hati mbili zinapokutana

Kosa la mwisho ni la hesabu. Mara nyingi orodha ya waliopata basari, pamoja na kiasi cha kila mmoja, hubandikwa nje ya ofisi. Iwapo katika orodha hiyo ni mwanafunzi mmoja tu wa Kidato cha Tatu aliyepata shilingi 15,000, basi msomaji wa Kumbukumbu 5 anahitaji dakika moja tu kuziunganisha hati hizi mbili. Kila hati peke yake imesitiriwa. Zikikaa pamoja zimefunguka. Ndiyo maana anayesitiri hana budi kuuliza ni nini kingine kimekwisha kutolewa kabla ya kuamua ni nini kiondolewe.

4.0 Ni Nini Kisisitiriwe

Hatari iliyo upande wa pili ni kamati kujifichia nyuma ya faragha ya wanyonge. Kigezo kinachopendekezwa hapa ni kwamba kinachositiriwa ni mtu anayeomba, si uamuzi wa anayegawa. Majina ya wajumbe waliohudhuria, jumla ya fedha, idadi ya waombaji na ya waliokubaliwa, vigezo vilivyotumika, hesabu ya kura, na maslahi yaliyotangazwa ni mambo ya kazi ya umma. Mjumbe hana faragha juu ya jinsi alivyopiga kura kuhusu fedha za wengine.

Mambo mawili katika mfano wetu yanaonesha ugumu wa kigezo hiki. La kwanza ni kauli kwamba ukoo wa mwombaji umepata vya kutosha. Kauli hiyo inaaibisha, na mwenyekiti angependa iondolewe kwa jina la amani ya jamii. Lakini ni sababu iliyotolewa dhidi ya ombi, na mkazi ana haki ya kujua kwamba hoja ya ukoo iliingia katika ugawaji. Kinachofaa kuondolewa ni jina la ukoo na maneno yanayomwelekeza msomaji kwa mtoto. Ukweli kwamba hoja ya namna hiyo ilitolewa hubaki.

La pili ni Bw. Kadha. Umma wastahili kujua kwamba alikuwa na maslahi na hakutoka. Lakini jina lake likibaki katika Kumbukumbu 5, humfichua mtoto. Ufumbuzi umo katika mpangilio wa kumbukumbu zenyewe. Tangazo la maslahi limekwisha kuandikwa katika Kumbukumbu 2, ambapo linahusu mmoja kati ya waombaji wote. Hapo jina lake huachwa. Katika Kumbukumbu 5, jina na uhusiano huondolewa. Mkazi anayetaka kufuatilia zaidi anaweza kumwomba mkaguzi aitazame nakala asilia. Ni kweli kwamba msomaji wa kawaida amepoteza kiungo kimoja. Hilo ndilo gharama, nalo linafaa kukubaliwa waziwazi.

5.0 Kumbukumbu Iliyositiriwa

Kwa kuzingatia hayo, kifungu chetu kinaweza kutolewa hivi:

"Kumbukumbu 5: Maombi ya Kidato cha Tatu. Mzazi wa mwombaji mmoja [utambulisho umesitiriwa: habari za familia] alieleza sababu za kiafya zilizoathiri masomo ya mwombaji [maelezo yamesitiriwa: afya]. [Sentensi 1 imesitiriwa: habari za mtu asiye mwombaji.] Wajumbe wawili walichangia. Mmoja aliunga mkono ombi; mwingine alipinga kwa hoja ya ukoo [maneno yamesitiriwa: asili ya kijamii]. Kamati iliidhinisha ombi [kiasi kimesitiriwa, jumla ya kidato imo katika jedwali]."

Mambo matatu yanastahili kuangaliwa. Kwanza, neno la maradhi halikuzibwa bali sentensi nzima imejengwa upya kwa nomino pana, sababu za kiafya, ili upatanisho wa zi- usitoboe lolote. Pili, kila mahali palipoondolewa pana mabano yanayotaja aina ya sababu, wala si mstari mweusi wenye urefu wa neno. Tatu, hakuna neno jipya lililotiwa kinywani mwa mtu. Nomino pana ni muhtasari wa kilichosemwa, si mbadala wa uongo. Kumpa mwombaji jina la kubuni, au kumgeuza mjane kuwa mzee wa kiume ili kupoteza nyayo, kungekuwa kughushi kumbukumbu.

Kando ya nakala hii katibu huweka daftari dogo lisilotolewa kwa umma: ukurasa, mstari, kilichoondolewa, sababu yake na tarehe. Bila daftari hilo, mtu akilalamika baada ya miezi sita, hakuna atakayekumbuka kwa nini sentensi fulani haimo.

6.0 Kasoro za Tarakilishi

Kumbukumbu nyingi siku hizi huandikwa kwa tarakilishi, na hapo huzuka kosa ambalo macho hayalioni. Kupaka rangi nyeusi juu ya maneno hakuyaondoi; maneno hubaki chini ya rangi. Mnamo Januari 2019 mawakili wa Mmarekani Paul Manafort waliwasilisha mahakamani hati yenye mistari myeusi, na wanahabari wakayasoma maneno yaliyozibwa kwa kuyanakili tu na kuyabandika kwenye ukurasa mwingine.

Njia salama ni kutengeneza nakala ya faili, kuyafuta maneno yenyewe, kuandika mabano mahali pake, na kisha kuihifadhi nakala hiyo kama PDF. Kabla ya hapo, katika Microsoft Word, historia ya mabadiliko na maoni ya pembeni huondolewa kwa kufuata `File > Info > Check for Issues > Inspect Document`. PDF ikiwa tayari, hufunguliwa na kujaribiwa: `Ctrl+F` hutumika kutafuta kila jina, lakabu na ugonjwa ulioondolewa, kisha `Ctrl+A` na `Ctrl+C` hunakili maandishi yote, nayo hubandikwa kwenye ukurasa mtupu na kusomwa upya. Jina la faili nalo litazamwe, kwa kuwa faili inaweza kuwa safi ndani na bado ikabeba jina la mwombaji juu yake.

Uzembe katika jambo hili una gharama. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kamati ya basari hushughulika na watoto walewale, tena kwa maelezo mazito kuliko picha.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba utambulisho wa mtu haukai ndani ya jina lake pekee. Umo katika lakabu, katika kiambishi cha kitenzi, katika neno la ujamaa, katika mahali pa biashara na katika kiasi cha shilingi. Hata hivyo, kusitiri kuna mipaka. Iwapo mwombaji ni mmoja tu mwenye ulemavu fulani katika wadi nzima, hakuna ujenzi wa sentensi utakaomficha, na kifungu chote hakina budi kuzuiwa. Vivyo hivyo, kusitiri hakuwezi kurudisha siri iliyokwisha kusemwa mbele ya hadhira.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, suala hili lina matokeo ya moja kwa moja katika ufundishaji wa uandishi wa kumbukumbu. Muundo unaofundishwa shuleni una sehemu ya waliokosa kuhudhuria kwa udhuru na sehemu ya mengineyo. Ni katika sehemu hizo mbili ambamo wanafunzi huhimizwa kuandika kila kitu: fulani yuko hospitalini, fulani amefiwa, fulani ana kesi. Udhuru hauhitaji sababu. "Ametuma udhuru" inatosha. Katibu wa Iftin angaliandika tangu mwanzo kwamba mzazi alieleza sababu za kiafya na za kifamilia zilizokubaliwa na kamati, sentensi ile ya Dadaab isingaliingia karatasini, na pasingalikuwa na cha kusitiri.